Yailaza, yaichapa, yaifumua: namna ya kumtaja mshindi bila kuimba "iliifunga" mechi nzima

Jumapili moja jioni kijana wa Chikongola alinijia na ripoti yake ya kwanza ya mpira, ameiandika kwenye simu akiwa bado jukwaani, uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara. "Shikamoo kaka, naomba uipitie kabla sijairusha." Nikaipitia. Ripoti ilikuwa fupi tu, lakini neno "iliifunga" na nduguze "imeifunga" na "kuifunga" yalikuwamo mara tisa. Nikamwambia, bwana mdogo, hili neno moja umelichosha, litafutie wenzake wa kulipokea mzigo.

Kesho yake asubuhi akarudi nayo. Safari hii kila sentensi ilikuwa na kitenzi chake: timu imefumua, imegaragaza, imesambaratisha, imecharaza. Nikatafuta matokeo. Moja bila, tena bao la kujifunga.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilimfundisha vibaya. Nilimpa kazi ya kutafuta maneno mengi, na maneno mengi Kiswahili kinayo. Kazi ngumu ni kujua lipi linabeba mechi ipi. Kitenzi cha ushindi kina uzito wake, na msomaji anausikia kabla hajazifikia tarakimu. Ukimwambia "yaifumua" akakuta 1-0, anahisi umemdanganya. Ukimwambia "yailaza" akakuta 6-0, anajiuliza kama uliuangalia mpira au ulipigiwa simu.

Basi haya ndiyo tuliyoyafanya mimi na yeye mezani siku ile, hatua kwa hatua.

Kwanza, iandike mechi bila kitenzi cha ushindi

Kabla ya kufikiria neno lolote zuri, chukua karatasi uandike mambo manne: tarakimu za matokeo, nani alitangulia, bao la kuamua liliingia dakika ya ngapi, na timu zilikuwa zinagombea nini. Ni mistari minne tu, lakini ndiyo itakayokuchagulia kitenzi.

Tuchukue mechi ya mfano, niliyoitunga mwenyewe ili tusigombane na mtu. Vijana wa Mikindani wanacheza na vijana wa Chikongola, nusu fainali ya kombe la mtaani. Chikongola wanatangulia 2-0 hadi mapumziko. Mikindani wanarudisha bao dakika ya 58 na lingine dakika ya 71, halafu wanapata la tatu dakika ya 89. Mwisho 3-2, Mikindani wanaingia fainali. Kwenye karatasi: 3-2, Chikongola walitangulia kwa mawili, dakika ya 89, nafasi ya fainali. Tutairudia.

Pili, pima kitenzi kwa pengo la mabao

Vitenzi vyetu vingi vya ushindi vimetoka kwenye kumpiga mtu, kumwangusha au kuharibu kitu. Ukikumbuka kitenzi kinafanya nini nje ya uwanja, utajua kinafaa wapi ndani yake.

"Kulaza" ni kumfanya mtu alale. Hakuna damu wala kelele. Ndiyo maana kinakaa vizuri kwenye 1-0, 2-1, 2-0, mechi ambayo mshindi amefanya kazi yake na mshindwa amekwenda nyumbani bila aibu kubwa. "Kuichapa" ni fimbo, lakini fimbo ya kawaida ya nyumbani, nayo inavumilia matokeo mengi: 2-0 sawa, 3-1 sawa, hata 1-0 utaiona magazetini na hakuna atakayelalamika. Ukikwama, "kulaza" na "kuchapa" hazikutupi.

Ukipanda kidogo unakutana na "kunyuka", "kutandika", "kucharaza", "kutwanga" na "kukung'uta". Hapa fimbo imeshaanza kurudiwarudiwa. Mwanamke anayetwanga hapigi mchi mara moja akaondoka, na anayekung'uta mkeka anaupiga mpaka vumbi liishe. Kwa hiyo vitenzi hivi vinataka mabao ya kurudiarudia, matatu na kuendelea, na pengo lionekane. Mimi 3-2 siiiti kutwanga hata siku moja. Aliyekutwanga huwezi kumrudishia mbili.

Juu kabisa wako "kufumua", "kugaragaza" na "kusambaratisha". Kufumua ni kuachanisha kilichosukwa au kushonwa, ukili kwa ukili, uzi kwa uzi. Neno hili linasema kwamba timu iliyofungwa ilikuwa na mpangilio, na mpangilio huo ukaachanishwa mbele ya macho ya watu. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, neno "yaifumua" lilikuwa na haki yake. Mtaani wao walisema zaidi: Simba "kapigwa mkono", maana vidole ni vitano. Hilo ni neno tamu, lakini ni la bao la tano tu, halikopeshwi kwa la nne.

Sheria yangu, ambayo si ya chuo chochote: bao moja, laza, mawili, chapa, matatu, nyuka au tandika, manne na kuendelea, fumua. Ukishaijua unaweza kuivunja, mradi uwe na sababu iliyoandikwa kwenye ile karatasi.

Tatu, angalia namna ushindi ulivyopatikana, maana hapo tarakimu hazitoshi

Bao 1-0 la dakika ya 5 ambalo timu imelilinda mechi nzima si sawa na 1-0 la dakika ya 93. La kwanza ni "kulaza". La pili ni "kuduwaza", kumwacha mtu mdomo wazi. Lakini kuduwaza kunataka mshangao wa kweli, yaani bao la dakika za mwisho, au timu ndogo kuifunga kubwa. Oktoba 2021 Simba ilishinda 2-0 Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, ikarudi Dar es Salaam watu wakijua kazi imekwisha, ikafungwa 3-1 kwa Mkapa na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini, kwa sababu jumla ilikuwa 3-3. Galaxy iliiduwaza Simba. Hapo ukiandika "iliichapa" hujakosea, ila umewaacha watu wote waliokuwa wamekaa kimya jukwaani nje ya ripoti yako.

"Kuzima" ni kwa moto uliokuwa unawaka: timu iliyokuwa inashinda mfululizo, au mashabiki waliokuja na ngoma na vuvuzela. Kama mpinzani alikuwa anafungwa kila wiki, umezima nini? Kwa timu iliyokuwa haijapoteza mechi, "kuitibulia rekodi" nako kunakaa vizuri.

"Kubwaga" ni kutua mzigo kwa kishindo, au kumwangusha mwenzako kwenye mieleka. Mieleka ina watu wawili na mmoja tu anabaki amesimama, kwa hiyo mimi naliweka neno hili kwenye fainali na mechi za mtoano. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2020 iliyochezwa Sumbawanga, Simba iliibwaga Namungo ya Ruangwa mabao 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi na ilikwenda Ligi ya Mabingwa, Namungo ndiyo iliyopata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilibwagwa, lakini haikutupwa nje.

Na huku kwetu kuna moja ambalo nalitumia kwa kiasi: "kubangua". Kila mtu wa Mtwara na Lindi anajua korosho haifunguki kwa kupenda kwako. Unaikaanga, unaigonga kwa ustadi, ganda linapasuka na kiini kinatoka kizima, au unaponda vyote viwili. Timu iliyojaza watu kumi nyuma ya mpira, ikashikilia mpaka dakika ya 80, halafu ikapatikana kwa pasi moja iliyopita katikati ya mabeki, hiyo imebanguliwa. Neno hilo sitalitumia kwa 5-0. Hakuna ganda hapo. Wala sitalitumia mara mbili katika mwezi mmoja, maana utani ukirudiwa unakuwa kero.

Nne, mashindano ya mtoano yana vitenzi vyake

Hapa ndipo waandishi wazoefu nao wanapoteleza. Kuifunga timu na kuitoa ni mambo mawili. Timu inaweza kukufunga leo na wewe ukaitoa, kwa sababu mechi ya kwanza ulishinda kwa mabao mengi zaidi. Aprili 2024 Mamelodi Sundowns iliitoa Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi zote mbili zilikwisha 0-0, kisha Mamelodi ikashinda kwa penati 3-2. Mtu akiandika "Mamelodi yaifunga Yanga 3-2" ameandika mechi ambayo haikuwahi kuchezwa. Andika "yaitoa Yanga kwa penati 3-2", au "yaing'oa", au "yaiondosha mashindanoni". Vivyo hivyo fainali ya Kombe la Dunia 2022: Argentina na Ufaransa zilitoka sare ya 3-3, Argentina ikatwaa kombe kwa penati 4-2. Kutwaa, kubeba, kunyakua, yote sawa. Kufumua, hapana.

Penati za mwisho wa mchezo hazibadilishi sare kuwa kipigo. Ziandike kama penati, na tarakimu zake uziweke mbali na tarakimu za mechi.

Tano, geuza sentensi

Kijana wangu alidhani njia pekee ya kukwepa "iliifunga" ni kutafuta kitenzi kingine cha mpigaji. Lakini Kiswahili kinakuruhusu kuisimulia mechi ileile ukiwa upande wa aliyepigwa. Anayelazwa analala: "Chikongola walilala 2-1." Anayeangushwa anaanguka, anayezamishwa anazama. Kila jozi hapa inakupa sentensi mbili kwa neno moja, na msomaji hachoki kwa sababu anayetajwa mwanzoni amebadilika. Juu ya hizo kuna "kukubali kipigo", "kupokea kichapo", "kuambulia kipigo", "kuangukia pua". La mwisho lina kejeli ndani yake, kwa hiyo liwekee timu iliyokuwa imejigamba kabla ya mechi.

Njia nyingine ni kumwacha mpinzani pembeni na kusema mshindi ameondoka na nini: "imeibuka na ushindi", "imetoka kifua mbele", "imevuna pointi tatu", "imezoa pointi zote". Ziko pia "kutakata", "kung'ara" na "kutamba", ambazo zinapenda mahali badala ya mpinzani: "Namungo yatakata Ruangwa", "yatamba ugenini". Angalia mtego wake. Kutakata hakubebi mtu. Huwezi kuandika "Namungo yaitakata Azam". Ukitaka mpinzani awemo, tumia "yaitambia".

"Kudondosha pointi" nako ni kuzuri, ila kumbuka kunaingia hata kwenye sare. Na tukiwa hapo kwenye sare, tasnia yetu inatenganisha: 0-0 ni suluhu, na yenye mabao ni sare. Si kila msomaji anajali, ila wanaojali wanaandika maoni.

Sita, kagua herufi ndogo

Kosa baya kuliko yote kwenye ripoti ya mpira lina herufi moja. "Ndanda ilifunga" na "Ndanda ilifungwa" zinatofautiana kwa "w" tu, na hiyo "w" inabadilisha mshindi. Nimewahi kuidondosha mwenyewe, simu ikaanza kuita kabla sijamaliza chai.

La pili ni kiambishi cha aliyepigwa. "Ilifunga" maana yake iliingiza bao. "Iliifunga" maana yake ilimshinda mtu. Timu inaweza kufunga mabao mawili na ikafungwa, kama Chikongola wetu. Kwa hiyo hizo "i" mbili zinazofuatana baada ya "l" ziandike zote, hata kama jicho linaona kama umekosea. Kwenye kichwa cha habari utumie "yaifunga", "yailaza", "yaichapa", kwa sababu kichwa kinasema jambo kama linatokea sasa.

La tatu ni kuchanganya timu na watu. Timu kwa jina lake ni "i": Namungo imeichapa, imechapwa. Ukiita kwa jina la utani la watu, kila kitu kinageuka: Wauaji wa Kusini wamewachapa, Wana Kuchele wamelala. Majina haya ya utani, la kwanza la Namungo na la pili la Ndanda, yanasaidia sana kupunguza marudio ya jina la timu, lakini ukiandika "Wana Kuchele imelala" sentensi inachechemea.

Na tarakimu: bao 1-0, mabao 2-1. Bao likiwa moja tu, neno linabaki la umoja.

Saba, jua la kuacha

Mwaka fulani niliandika kichwa cha habari kuhusu timu ya mtaa wa pwani: "yazamishwa". Mechi ilikuwa 4-0, uzito ulikuwa sawa, kila kitu sawa. Sikukumbuka kwamba siku mbili kabla, mtumbwi ulikuwa umepinduka huko huko na watu walikuwa bado wanakaa matanga. Mzee mmoja akanipigia. Hakupaza sauti. Aliniita mwanangu, akaniuliza kama hilo neno nililichagua mwenyewe au lilikuja tu. Nikamjibu lilikuja tu. Akasema, "Basi siku nyingine lizuie." Tokea hapo, "kuzamisha", "kuzika" na "kuua" sizitumii mpaka nijue wiki hiyo mtaani kumetokea nini. Na yale maneno ya kudhalilisha mwili wa mtu, yanayopendwa vijiweni, sioni mechi inayoyahitaji.

Turudi kwa Mikindani

Karatasi yetu inasema 3-2, walitoka nyuma kwa mawili, dakika ya 89, nafasi ya fainali. Pengo ni bao moja, kwa hiyo fumua, tandika na twanga zimeondoka mezani. Kutoka nyuma ndiko kwenye habari yenyewe. Dakika ya 89 inaruhusu kuduwaza. Nusu fainali inaruhusu kuitoa. Kijana akaandika hivi:

"Mikindani yapindua meza, yaitoa Chikongola

Vijana wa Mikindani wametinga fainali baada ya kutoka nyuma kwa mabao mawili na kuwalaza wenzao wa Chikongola 3-2.

Hadi mapumziko Chikongola walikuwa mbele 2-0 na mashabiki wao walishaanza kuulizana fainali itachezwa lini. Kipindi cha pili mambo yakageuka. Bao la dakika ya 58 liliwarudisha Mikindani mchezoni, la dakika ya 71 likasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika mbili kufika 90, mshambuliaji wao alijitwisha mpira wa kona wa dakika ya 89 na kuliduwaza jukwaa zima.

Ni mara ya kwanza Chikongola kukubali kipigo katika mashindano haya."

Nilimsimamisha kwenye mambo mawili. La kwanza, "zikiwa zimebaki dakika mbili kufika 90" halafu "dakika ya 89": hesabu hazikubaliani na ni maneno ya bure, akayakata, ikabaki "na dakika ya 89 mshambuliaji wao alijitwisha mpira wa kona". La pili, sentensi ya mwisho. Nikamuuliza amejuaje ni mara ya kwanza. Akacheka, maana mechi tumeitunga wenyewe. Lakini kwenye mechi ya kweli, sentensi kama hiyo inataka daftari.

Sasa hesabu. Ushindi umetajwa mara nne tu: kupindua meza, kuitoa, kuwalaza, kukubali kipigo. "Kuduwaza" kumekwenda kwa jukwaa. Habari isiyofika maneno mia haikuhitaji zaidi ya hapo. Zile "iliifunga" tisa hazikuwa na shida ya kukosa visawe. Nyingi hazikutakiwa kuwepo kabisa, kwa sababu msomaji akishaambiwa mara moja nani ameshinda, anataka kujua ilikuwaje.

Kilibaki kipimo cha mwisho, na hiki nakifanya kwa kila ripoti ninayopata nafasi nayo. Funika tarakimu zote za matokeo, soma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuwepo uwanjani, kisha umwulize zilikuwa ngapi kwa ngapi. Akisema nne bila na ilikuwa moja bila, rudi ukapunguze kitenzi.

Tukatoka hadi kwenye kijiwe cha kahawa. Kijana akamsomea mzee aliyekuwa na kikombe mkononi, akiruka kila namba na dakika. Mzee akasikiliza, akamwaga masimbi ya chini ya kikombe.

"Tatu mbili," akasema. "Na hao wa mwanzo walilala wakiwa wameshavaa nguo za sherehe."